Tarehe ya Harusi kwenye Kundi la Familia: Namna ya Kuiandika

Taarifa ya mapema ya tarehe ya harusi ina kazi moja: kumwezesha ndugu aliye mbali aombe likizo na kukata tiketi kwa wakati. Kadi ya mwaliko, yenye saa na ukumbi, hufuata baadaye. Kwa hiyo kila sentensi ya taarifa hiyo hupimwa kwa kipimo kimoja: je, ndugu aliyeko Maskati, London au Minesota anaihitaji ili apange safari?

Panapokosewa zaidi ni kwenye tarehe yenyewe. Ikiandikwa 5/12/2026, mtu wa Moshi ataisoma kuwa 5 Desemba, lakini mpwa aliyekulia Marekani, ambako mwezi hutangulia siku, ataisoma kuwa 12 Mei. Dawa ni kuutaja mwezi kwa jina na kuongeza siku ya juma: Jumamosi, 5 Desemba 2026. Siku ya juma hufichua pia kosa la mwandishi. Kidole kikiteleza na kuandika 6 badala ya 5, siku na tarehe hazitalingana, na msomaji atauliza kabla hajalipia ndege.

Shughuli zikiwa mbili, zote zitajwe pamoja. Upande wa bibi harusi sendofu hufanyika kabla ya harusi, mara nyingi kwa tofauti ya siku kadhaa. Aliyeambiwa siku ya harusi peke yake anaweza kukata tiketi ya kufika sendofu imekwisha, na kuibadilisha huwa na gharama. Uwanja wa ndege ulio karibu nao utajwe, kwani kufikia Kilimanjaro si sawa na kufikia Dar es Salaam na kisha kupanda basi kutwa nzima.

Saa si lazima katika hatua hii. Ikibidi kuitaja, “saa 8:00” pekee haitoshi, kwa sababu vijana waliozaliwa ughaibuni huisoma kuwa ni asubuhi. Huandikwa “saa 8:00 mchana (14:00) kwa saa za Tanzania”.

Jambo jingine ni uhakika wa tarehe. Kama kanisa au msikiti bado haujathibitisha, taarifa isubiri. Ikilazimika kutoka, iseme waziwazi kwamba tarehe bado ni ya makadirio na tiketi zisikatwe. Neno “takriban” halitoshi. Msomaji mwenye furaha hulipita.

Mfano wa familia ya Moshi inayomwoza binti unaweza kuwa hivi:

“Shikamooni wazee wetu, na salamu kwenu nyote. Kwa furaha tunawajulisha kuwa binti yetu Neema anafunga ndoa. Sendofu: Jumamosi, 28 Novemba 2026, Moshi. Harusi: Jumamosi, 5 Desemba 2026, Moshi. Tarehe zote mbili zimethibitishwa. Uwanja wa karibu ni KIA. Mliomo humu wote mmealikwa, pamoja na watoto, kadi zitafuata. Mnaotoka nje ya nchi, tunaomba mtujulishe kabla ya 31 Agosti mtakuwa wangapi, ili tupange malazi. Mpigieni Mama Neema. Baba na Mama Neema.”

Maneno “pamoja na watoto” yamewekwa kwa makusudi. Bila hayo, mwenye watoto wanne hubaki akikisia, na kukisia huko huamua anunue tiketi mbili au sita. Ombi la jibu nalo lina siku ya mwisho na mtu mmoja wa kupigiwa; likiachwa wazi, kundi hujaa hongera na idadi ya wageni haijulikani.

Mchango haumo. Ukiingizwa hapa, ndugu wa nje huuona ujumbe mzima kuwa ni wa kuombwa fedha, na tarehe humpita. Kamati ya harusi itaandika ujumbe wake baadaye.

Kabla ya kutuma, bibi, wajomba na mashangazi hupigiwa simu. Mzee anayeipata habari ya mjukuu wake kwenye kundi, sawa na binamu wa mbali, huhesabu kuwa amedharauliwa. Baada ya hapo ujumbe hutumwa kwa maandishi, hata kama kuna picha iliyopambwa, kwa kuwa maandishi hutafutwa na kunakiliwa kwa urahisi. Kwenye WhatsApp unaweza kubandikwa juu ya kundi kwa siku 30, kisha ukabandikwa upya.

Kosa likigunduliwa ndani ya dakika 15, ujumbe huweza kuhaririwa. Hata hivyo, walioisoma tarehe ya kwanza huenda wasirudi kutazama. Ni salama zaidi kutuma ujumbe mpya unaoanza kwa neno “MAREKEBISHO”, ukitaja tarehe iliyofutwa na iliyo sahihi, kisha kumpigia kila aliyekwisha kusema kuwa amekata tiketi.