Simu Inapojifanya Kompyuta

Unafungua tovuti ya duka la vifaa vya ujenzi kutafuta bei ya bati. Ukurasa mzima unatokea umesinyaa, maandishi kama mchanga, na lazima uupanue kwa vidole ndipo usome. Simu yako ni nzima. Aliyetengeneza ukurasa ndiye aliyesahau mstari mmoja.

Chanzo chake ni cha mwaka 2007, iPhone ya kwanza ilipotoka. Tovuti za wakati huo zilipangwa kwa ajili ya kompyuta, nacho kioo cha simu hiyo kilikuwa na upana wa pikseli 320 tu. Apple wakaamua kivinjari kiudanganye ukurasa: kiupange kana kwamba kioo kina upana wa pikseli 980, kisha kiupunguze wote uenee. Vivinjari vya simu bado hufanya hivyo kwa ukurasa usiojieleza.

Simu nyingi za leo huhesabiwa kuwa na upana wa pikseli 360 hivi, hata kama vidoti halisi vya kioo ni mara tatu ya hapo. Ukurasa wa 980 ukiingizwa kwenye 360, unabaki zaidi kidogo ya theluthi. Herufi ya ukubwa wa 16 inaonekana kama ya 6.

Tuseme fundi wa duka letu alijua kazi yake, akaandika kanuni kwamba kioo kikiwa chini ya pikseli 600, bidhaa zipangwe safu moja badala ya tatu. Akaipunguza dirisha la kivinjari kwenye kompyuta, safu zikajipanga vizuri, akaridhika. Lakini kwenye simu kanuni ile haiamki kamwe, maana ukurasa umeambiwa upana ni 980. Jaribio la dirisha la kompyuta haliwezi kufichua kosa hili, kwa kuwa kivinjari cha kompyuta hakiutumii mstari huo. Pima kwa simu yenyewe.

Mstari wenyewe huu hapa, nao huwekwa ndani ya `<head>`:

```
<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">
```

Sehemu ya kwanza inaiambia simu itumie upana wake halisi; ya pili, ukurasa uanze bila kupunguzwa wala kukuzwa. Sasa ukurasa unapata 360, kanuni ya 600 inaamka, na herufi ya 16 inabaki 16.

Mstari huu haupangi chochote wenyewe. Kama jedwali la bei limefungwa kwenye upana wa pikseli 960, litatokeza nje ya kioo na msomaji atasukuma ukurasa kulia na kushoto. Hapo dawa ni kulifungua jedwali.

Wengine huongeza `user-scalable=no` ili mtu asiweze kukuza ukurasa. Tafadhali, fundi, usifanye hivyo: mwenye macho hafifu anahitaji kukuza ndipo asome bei yako.