Ufunguo Mmoja, Mikono Mitatu

Tuchukue mfano wa duka la kanga liliopo Darajani, mjini Unguja. Mteja wake wa Wete, Pemba, huagiza mzigo kwa kuandika ujumbe katika WhatsApp ya duka. Siku moja anajibiwa kwamba doti ni shilingi 9,000, naye analipa shilingi 180,000 kwa doti 20 na mzigo unapakiwa melini. Usiku mwenye duka anapofunga hesabu anaona kwamba bei yake ya siku hiyo ilikuwa shilingi 12,000 kwa doti. Pengo ni shilingi 60,000. Anauliza nani aliyeandika bei ile. Kijana wa asubuhi anasema si yeye, na binti wa jioni naye anasema si yeye. Ujumbe wenyewe umebeba jina la duka tu, na saa: 14:10. Zamu hubadilishwa saa nane kamili mchana, kwa hiyo mwenye duka anaona hana haja ya kuuliza zaidi, na shilingi 60,000 zinakatwa katika mshahara wa binti, ambaye isitoshe ndiye mgeni kazini.

Tumeueleza mfano huu kwa urefu kwa sababu ndivyo yanavyokwenda mambo katika maduka mengi ya visiwani ambayo leo yanauza kwa simu kama yanavyouza kwa kaunta. Duka lina akaunti moja na neno la siri moja, nalo linajulikana na kila aliyewahi kushika kaunta. Hilo linapokuwa ndiyo utaratibu, kosa halina mwenyewe, na lisilo na mwenyewe aghalabu humwangukia aliye mnyonge. Tunazungumzia wizi, lakini si wizi peke yake. Mfanyakazi mwaminifu naye hana cha kumtetea siku anaposingiziwa.

Wenye maduka wengi hudhani kwamba dawa ni kuwanyima wafanyakazi akaunti. Hatukubaliani nao. Duka ambalo kila jibu la mteja humsubiri bwana mkubwa arudi kutoka bandarini litapoteza wateja kabla ya kupoteza fedha. Linalotakiwa ni kila mfanyakazi aweze kutenda kazi ya duka kwa ufunguo wake mwenyewe, na pale ambapo ufunguo hauwezi kuwa zaidi ya mmoja, iandikwe nani alikuwa nao na kwa saa ngapi. Haya ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakoleta matatizo.

Tuanze na lile jepesi. Ukurasa wa duka katika Facebook haukukusudiwa kuingiwa na watu watatu kwa neno la siri la mtu mmoja. Mwenye ukurasa anaweza kumwongeza mfanyakazi kwa akaunti ya mfanyakazi mwenyewe, akampa kazi maalumu, kama vile kuweka matangazo au kujibu wateja, bila ya kumpa mamlaka kamili. Faida yake huonekana mara moja: tangazo likishawekwa, wasimamizi wa ukurasa husoma chini yake maneno `Published by` yakifuatiwa na jina la aliyeliweka, ilhali wateja huona jina la duka peke yake. Siku mfanyakazi anapoondoka, jina lake hufutwa katika orodha na wengine huendelea na kazi kama kawaida, bila ya kubadilisha neno la siri la mtu yeyote. Lakini tahadhari moja inahitajika. Aliyepewa mamlaka kamili anaweza kuwaongeza wengine, anaweza kumwondoa hata huyo aliyempa, na anaweza kuufuta ukurasa wote. Mamlaka hayo yawe kwa mwenye duka na mtu mwingine mmoja anayemwamini, ili simu ikipotea duka lisifungiwe nje ya nyumba yake.

Hapa tungependa kuwageukia kidogo ndugu zetu wa maofisini. Ofisi ambayo ukurasa wake ulifunguliwa na karani kwa akaunti yake binafsi, karani akahamishiwa kisiwa kingine, na ofisi sasa humpigia simu kila inapotaka kutoa tangazo, imo katika hali ile ile ya duka la kanga. Nayo hutibiwa vivyo hivyo.

Lililo gumu ni WhatsApp ya biashara, na huko ndiko fedha nyingi za maduka madogo zinakopita. Akaunti ni moja na namba ni moja. Ipo simu kuu, na juu yake vinaweza kuunganishwa vifaa vingine hadi vinne, ambavyo orodha yake hupatikana katika mipangilio, mahali palipoandikwa vifaa vilivyounganishwa. Hapo mwenye duka ataona kila kifaa na mara ya mwisho kilipotumika, na anaweza kukiondoa kimoja bila ya kuvigusa vingine. Tunamshauri kila mwenye duka aifungue orodha hiyo leo hii. Asishangae akikuta humo kompyuta ya mtu aliyeacha kazi zamani.

Hata hivyo, orodha hiyo ina mpaka wake. Inaonyesha vifaa, na katika hali ya kawaida ya programu hiyo ujumbe wenyewe hausemi ulitoka katika kifaa kipi. Mteja wa Wete anaona jina la duka tu, na mwenye duka naye haoni zaidi. Kwa hiyo kazi ambayo mashine haifanyi, lazima ifanywe na daftari. Utaratibu tunaoupendekeza una sehemu mbili. Kwanza, simu kuu ikae kwa mwenye duka, na kila mfanyakazi atumie kifaa kilichounganishwa. Ila simu kuu isisahauliwe sandukuni, kwani isipotumika kwa zaidi ya siku 14, vifaa vyote vilivyounganishwa hutolewa vyenyewe. Pili, kila anayeandika bei au ahadi yoyote kwa mteja amalizie ujumbe wake kwa herufi yake, na zamu inapobadilishwa, anayepokea na anayekabidhi waandike saa na watie saini katika daftari moja. Herufi peke yake haitoshi, maana mtu anaweza kuandika herufi ya mwenziwe. Daftari peke yake nalo halitoshi, maana wawili wanaweza kuwapo dukani kwa wakati mmoja. Vikisomwa pamoja, ni vigumu sana kudanganya.

Jambo moja dogo huharibu daftari nyingi nzuri. Simu huandika 14:10, na mtu wetu huandika saa nane na dakika kumi, au huandika 8:10 bila ya kusema mchana. Baada ya mwezi mmoja hakuna anayekumbuka ilikuwa asubuhi au mchana, wala kama ni saa ya Kiswahili au ya simu. Iandikwe katika daftari kama inavyosomeka kwenye simu, tarakimu nne, na ubishi huo utakuwa umekwisha.

Watu huuliza: je, mtu hawezi kuufuta ujumbe? Anaweza, lakini si bila ya kuacha alama. Ujumbe unaweza kusahihishwa ndani ya dakika 15 tu tangu ulipotumwa, na huonyesha kwamba umehaririwa. Ukifutwa kwa wote, jambo linalowezekana kwa muda wa zaidi kidogo ya siku mbili, hubaki mahali pake maandishi ya kuonyesha kwamba ulifutwa. Na mtu akiufuta kwa upande wa duka tu, nakala ya mteja inabaki kama ilivyo. Kwa hiyo panapotokea mzozo, shahidi wa kwanza wa kuombwa ni mteja. Aombwe kwa adabu picha ya mazungumzo yote, si ya mstari mmoja.

Sasa fedha zenyewe. Katika maduka mengi namba ya siri ya laini ya kupokelea malipo inajulikana na wafanyakazi wote, na ukiuliza sababu utaambiwa wanahitaji kujua kama mteja amelipa. Hayo ni makosa ya kuchanganya kupokea na kutoa. Fedha huingia bila ya namba ya siri. Mfanyakazi anachohitaji ni kuuona ujumbe wa kampuni ya simu kwamba malipo yamefika, na kuuandika katika daftari pamoja na kumbukumbu ya muamala. Kutoa fedha ni kazi nyingine, na namba ya siri ibaki kwa anayetoa. Taarifa ya kampuni ya simu itaonyesha kila kilichotoka na saa yake, lakini itataja laini tu. Haitaji kidole kilichobonyeza. Namba hiyo ikishajulikana na watu watatu, taarifa hiyo haina tena uwezo wa kumshitaki wala kumsafisha mtu.

Zaidi ya hayo, neno la siri la pamoja humzoesha mwenye duka tabia ya hatari. Kila kifaa kipya kinapotaka kuingia, tarakimu za uthibitisho hutumwa kwenye simu yake, naye huwasomea vijana wake kwa simu. Baada ya mara kumi, anamsomea yeyote anayepiga na kujitambulisha kuwa wa dukani. Tapeli hahitaji zaidi ya hapo.

Na wafanyakazi waambiwe wazi kwamba kumbukumbu zinawekwa, zinaonyesha nini, na nani anazisoma. Daftari likae kaunta, mahali ambapo kila mmoja anaweza kulifungua na kuisoma saini yake. Wakaguzi wa vyama vya ushirika nao, wanapotembelea maduka ya wanachama, waombe daftari hilo. Wasiombe maneno ya siri, kwani kila mtu anayeongezeka katika kuyajua hupunguza thamani ya kumbukumbu zote zilizotangulia.

Turudi kwenye zile shilingi 60,000, tukichukulia kwamba duka lilikuwa na utaratibu huu tangu awali. Mwenye duka anafungua daftari na anakuta kwamba siku ile makabidhiano hayakufanyika saa nane. Daladala ya binti ilichelewa, na saini zote mbili zimewekwa mbele ya 14:25. Ujumbe wa 14:10 una herufi ya kijana wa asubuhi. Kijana akiulizwa, anatoa karatasi ya bei iliyobandikwa nyuma ya kaunta, nayo inasema doti shilingi 9,000. Bei mpya ya shilingi 12,000 mwenye duka aliitamka kwa mdomo jioni ya jana yake, kwa zamu ya jioni peke yake, na karatasi haikubadilishwa.