Simba Yupi? Hadithi ya "a" na "the"

Paukwa! Pakawa! Hapo kale palikuwa na sungura mmoja. Siku moja sungura huyo akakutana na simba kisimani. Simba akanguruma...

Hakuna aliyeniuliza ni simba yupi. "Mmoja" limewaambia kwamba sungura ni mgeni masikioni mwenu, na "huyo" limewaambia kwamba ni yuleyule. Nilipofika kwa simba sikuweka neno lolote, mkaelewa vilevile. Kiswahili kinaruhusu kunyamaza. Kiingereza hakiruhusu: kitu kimoja kinachohesabika lazima kitanguliwe na kineno. Ndiyo maana "Mimi ni mwanafunzi" si "I am student", bali "I am a student".

Haya, tusimulie kwa Kiingereza: "A hare met a lion at a well. The lion was drinking water."

Kabla ya kila jina, jiulize kwanza: je, msikilizaji anajua ni kipi hasa? Mwanzoni hamkumjua simba, kwa hiyo "a lion". Sasa mnamjua, kwa hiyo "the lion". Lakini msikariri kwamba "the" huja mara ya pili tu. Tukiendelea, "The hare looked at the bottom of the well", sehemu ya chini ya kisima hatujawahi kuitaja, ila kisima kina sehemu moja tu ya chini, basi inajulikana. Jua nalo ni moja: "the sun".

Kama msikilizaji hajui, uliza la pili: ni kimoja, na kinahesabika? Basi "a", au "an" ikiwa neno linaanza kwa sauti ya irabu. Sikiliza sauti, usitazame herufi: "an hour", kwa kuwa "h" haitamkwi, "a university", kwa kuwa mwanzo wake unasikika kama "yu".

Kama ni vingi au havihesabiki, usiweke kitu. Maji hayahesabiki, ndiyo maana simba alikunywa "water" tu. "Hares fear lions" ni sungura wote kwa simba wote. Ukisema "The hares fear the lions", nitakuuliza: sungura wepi hao, na simba gani?

Mtego mkubwa uko hapa. Sisi husema ushauri mmoja, taarifa mbili. Waingereza hawahesabu "advice" wala "information", kwa hiyo "an advice" ni kosa. Sema "advice" au "some advice".

Majina ya mahali yana ukaidi wake. Ni "Lake Victoria" na "Mount Kilimanjaro" bila kitu, lakini ni "the Nile" na "the Indian Ocean". Hayo yakaririni tu.

Sasa chukueni insha zenu za Kiingereza. Simameni kwenye kila jina, mkaulize maswali hayo mawili kwa mpangilio: linajulikana? Linahesabika, na ni moja? Mkimaliza, someni kwa sauti.