Ndoo ya Lita 20 si Mazoezi ya Mjamzito

Mjamzito akishauriwa kliniki afanye mazoezi, nyumbani huulizwa: mazoezi gani tena, na maji anachota, anafagia, anafua? Swali hilo linachanganya mambo mawili. Kutembea kwenda bombani kunamjenga. Ndoo anayorudi nayo kichwani ndiyo inayomuumiza.

Tuchukue mama mwenye mimba ya miezi sita, anayechota ndoo nne kila asubuhi. Lita 20 za maji ni kilo 20, hata kabla ya kuhesabu ndoo yenyewe. Wataalamu wa afya kazini nchini Marekani wanapendekeza kwamba baada ya wiki ya 20 mzigo unaonyanyuliwa mara moja moja, tena karibu na mwili, usizidi kilo 12 hivi. Akinyanyua tena na tena kwa saa nyingi, kiwango hicho hushuka hadi kilo 6 hivi. Wanaonya pia juu ya kunyanyua kitu kutoka sakafuni au kukipandisha juu ya mabega, na kujitwika ndoo ni kufanya yote mawili kwa mkupuo mmoja.

Mwili wa mjamzito hutoa homoni zinazolegeza mishipa inayoshika viungo, hasa nyonga, ili mtoto apate njia. Wakati huohuo tumbo linasukuma mzigo mbali na kiuno, kwa hiyo mgongo unabeba zaidi ya uzito wa ndoo. Akibana pumzi ili ainue, mkandamizo wa tumboni unashuka hadi kwenye misuli ya chini ya nyonga, ile inayozuia mkojo. Ndiyo maana wengine huvuja mkojo wakinyanyua. Na kwa wanaobeba mizigo mizito siku nenda siku rudi, uwezekano wa mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa kabla ya wakati huongezeka kiasi.

Mama huyo atumie kidumu cha lita tano, achuchumae badala ya kuinama, akishike karibu na mwili na atoe pumzi anapoinuka. Bila shaka kidumu hakitajaza pipa. Maji mengine yachotwe na mume, shemeji au mwenye toroli, na pipa likishajaa achote kwa kata bila kulisogeza.

Mwendo wenyewe asiuache. Shirika la Afya Duniani linashauri wajawazito wasio na matatizo wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Ambaye hakuwa na mazoea aanze na dakika 10, aongeze kidogo kidogo. Kipimo cha mwendo ni mdomo wake: aweze kuzungumza na mwenzake, lakini kuimba kumshinde. Akikosa pumzi ya kumaliza sentensi, apunguze. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa atoke alfajiri au jioni, abebe maji ya kunywa, avae viatu vyenye mkanda wa nyuma. Tumbo limehamisha uzito mbele, na ndala huteleza kirahisi.

Akirudi, anyooshe misuli. Wanaoshtuliwa usiku na misuli ya mguu iliyokaza wajaribu hivi: simama ukitazama ukuta, uweke viganja ukutani, mguu mmoja nyuma na kisigino chini, kisha egemea mbele mpaka uhisi ndama ya mguu wa nyuma inavutika. Kaa hivyo sekunde 20 hadi 30 bila kudundadunda, halafu badili mguu. Kwa mgongo, piga magoti na mikono chini kwenye mkeka, uupandishe mgongo taratibu, uurudishe usawa bila kuuacha ubonyee. Usivute kupita kiasi, kwa kuwa viungo vilivyolegea havikuonyi mapema. Mazoezi ya kulala chali yaachwe kuanzia katikati ya mimba, kwani uzito wa mfuko wa uzazi unaweza kukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, ukashikwa na kizunguzungu.

Wapo ambao hawapaswi kuanza bila ruhusa ya daktari au mkunga: mwenye kondo lililoziba njia ya uzazi, shinikizo la damu linalotokana na mimba, upungufu mkubwa wa damu, mlango wa kizazi uliolegea, au dalili za uchungu kabla ya wakati. Kwa hiyo katika hudhurio la kwanza kliniki uliza wazi: kwa hali yangu, nitembee kiasi gani, na nibebe nini?

Damu au maji yakitoka ukeni, tumbo likibana kwa vipindi, ukihisi maumivu ya kifua, kichwa kikigonga sana, ndama moja ikivimba na kuuma, au mtoto akipunguza kucheza, acha mazoezi na uende kituo cha afya siku hiyohiyo. Usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.