Lita Tano za Maji na Kilo Moja ya Kuni

Mwanafunzi wa uhandisi anayepewa kazi ya kubuni jiko la kuni katika somo la joto mara nyingi huanza na udongo mwingi. Hujenga kuta nene akiamini kwamba unene ndio unaotunza joto. Udongo mzito hautunzi joto bali hulinywa. Kilo 20 za udongo zikipanda nyuzijoto 150 humeza kilojuli 2,600 hivi, na hiyo ni zaidi ya joto linalohitajika kuchemsha lita tano za maji. Kinachozuia joto lisitoroke ni hewa iliyonaswa ndani ya kitu chepesi, kama vile majivu makavu au mawe mepesi ya volkano.

Ndiyo maana jiko la roketi, ambalo kanuni zake ziliwekwa na Larry Winiarski kwenye kituo cha Aprovecho huko Oregon katika miaka ya 1980, lina chumba chembamba cha moto kilichozungukwa na kitu chepesi. Kwa jiko la nyumbani, chumba hicho huwa bomba lenye umbo la L, upana wake sentimita 12 hivi na kimo sentimita 30. Kuni hulala juu ya kibao cha chuma, na hewa huingia kwa chini yake ikielekea kwenye ncha zinazowaka. Bomba likishapata moto, moshi nao huungua ndani yake kabla ya kufika kwenye sufuria.

Sehemu inayoleta faida kubwa kuliko zote haimo ndani ya bomba. Ni ile nafasi kati ya sufuria na sketi ya bati inayoizunguka. Ikiwa pana, hewa ya moto hupita mbali na sufuria na kupotea. Ikibanwa mno, moto hukosa pumzi na moshi hurudi mlangoni kwa kuni. Kwa jiko la ukubwa huu, anza na nafasi ya sentimita moja, halafu rekebisha ukiangalia moshi.

Kisha jiko lipimwe. Tuchukue mfano wa Arusha, ambako kwa sababu ya mwinuko maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Pima lita tano za maji ya nyuzi 20, tia kwenye sufuria isiyo na kifuniko, zamisha kipimajoto katikati, pima uzito wa kuni, uwashe. Maji yakichemka andika muda, zima moto haraka, kung'uta mkaa kutoka kwenye kuni, kisha pima kuni zilizobaki, mkaa na maji.

Tuseme gramu 200 za maji zimegeuka mvuke. Kupasha maji kumechukua kilojuli 1,570 na mvuke 450, jumla 2,020. Kuni zilizoanikwa vizuri hutoa kilojuli 15,000 hivi kwa kilo, na mkaa 29,000. Mafiga matatu yakila kilo moja ya kuni na kubakiza gramu 50 za mkaa, moto umetoa kilojuli 13,550, kwa hiyo ufanisi ni asilimia 15. Jiko la roketi likila gramu 550 na kubakiza gramu 20 za mkaa, moto umetoa 7,670, nao ufanisi ni asilimia 26. Asiyepima mkaa atalionea jiko lake, maana atahesabu kuwa umeungua ilhali bado upo.

Rudia jaribio jiko likiwa bado moto, kwa kuni zile zile na maji mapya ya nyuzi 20. Ikiwa mara ya kwanza maji yalichukua dakika 28 na safari hii 19, dakika zile tisa zilimezwa na kuta. Punguza uzito wa jiko.

Lipo jambo jingine ambalo mwalimu asipolieleza wanafunzi hulipita. Hesabu ya ufanisi hulipa jiko kwa kila tone la mvuke, ingawa mvuke hauivishi maharage. Jiko linalochemsha kwa fujo linaweza kupata alama nzuri darasani na kumaliza mzigo wa kuni nyumbani. Ndiyo maana kipimo kamili huwa na dakika 45 za kutokosa kwa moto mdogo, na matokeo yake huandikwa kwa gramu za kuni kwa kila lita ya maji iliyobaki. Muda wa kuchemka nao husimama peke yake, kwani ukiongeza kuni maji yatawahi kuchemka, lakini matumizi ya kuni yatapanda.

Fanya jaribio mara tatu au zaidi kwa kila jiko, siku isiyo na upepo, na kuni za mti mmoja zilizokauka sawasawa. Matokeo yakitofautiana sana, angalia kwanza unyevu wa kuni na namna unavyozisukuma, kabla hujavunja jiko.