Dawa ya akili inapomkakamaza mgonjwa: si Pakinsoni ya uzeeni

Mama mmoja alitupigia simu studio baada ya kipindi chetu cha afya. Mwanawe wa miaka 24 alikuwa akisikia sauti za watu wasiokuwepo, akawa halali. Hospitalini alianzishiwa vidonge vya haloperidoli, miligramu 5 asubuhi na 5 jioni. Sauti zilinyamaza. Lakini kufikia wiki ya tatu kijana alikuwa akitembea kwa hatua fupi fupi bila kupunga mikono. Uso ulikuwa hauonyeshi furaha wala huzuni, mate yalimtoka, na kufunga vifungo vya shati kulimchukua muda mrefu.

Jirani mmoja alisema amerogwa. Mwingine alisema ni ugonjwa wa Pakinsoni, ule wa kutetemeka unaowapata wazee. Mama akaficha dawa. Baada ya wiki mbili mwili ulilegea, lakini sauti zikarudi.

Ndugu msikilizaji, kijana huyu hakurogwa. Dawa iliyomtuliza ndiyo iliyomkakamaza, na tueleze ilivyofanya hivyo.

Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali. Mojawapo inaitwa dopamini. Ifikirie kama ufunguo: inatoka kwenye seli moja na kuingia kwenye kufuli la seli ya pili. Katika sehemu moja ya ubongo dopamini huhusika na fikra, na ikizidi huko mtu anaweza kusikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo. Katika sehemu nyingine huhusika na mwendo. Huko hufanya kazi ya kulegeza breki, ili mkono au mguu uanze kusogea pale unapotaka.

Haloperidoli huziba makufuli hayo, na haichagui sehemu. Watafiti waliopiga picha za ubongo waliona kwamba nafuu ya akili huja makufuli kama 65 katika kila 100 yanapozibwa. Yakikaribia 80, breki za mwili hazilegei tena na mtu hukakamaa. Nafasi iliyopo kati ya nafuu na madhara ni ndogo, ndiyo maana dozi kidogo tu ikizidi huonekana kwenye mwendo.

Katika ugonjwa wa Pakinsoni mambo ni tofauti. Kule makufuli yapo wazi, ila seli zinazotengeneza funguo zinakufa polepole kwa miaka. Kwa hiyo ugonjwa huo mara nyingi huanza upande mmoja wa mwili, kwa mfano mkono wa kulia tu, na huzidi mwaka hadi mwaka. Ukakamavu wa dawa huja ndani ya siku au wiki chache baada ya kuanza dawa au kuongezewa dozi, na mara nyingi hushika pande zote mbili kwa pamoja. Hata tiba hazilingani. Levodopa, dawa inayomwongezea mgonjwa wa Pakinsoni dopamini, haimsaidii sana huyu wa pili, kwa sababu kuongeza funguo hakufungui kufuli lililozibwa. Inaweza hata kuzirudisha zile sauti.

Tulimshauri mama arudi kliniki na aseme ukweli kwamba alisimamisha dawa. Daktari alimrudishia kijana haloperidoli kwa nusu ya dozi, miligramu 5 kwa siku, na kumwongezea benzeksoli kwa muda mfupi. Benzeksoli hupunguza ukakamavu, lakini hukausha mdomo na kufunga choo, na inaweza kumchanganya mzee, kwa hiyo haitumiwi ovyo. Wiki sita baadaye mama alitupigia tena: kijana anapunga mikono anapotembea, na sauti hazijarudi. Kama nusu dozi isingetosha, daktari angeweza kumbadilishia dawa nyingine isiyokakamaza sana.

Kwa wengi mwili hurudi kawaida ndani ya wiki au miezi baada ya dozi kupunguzwa au dawa kubadilishwa. Anayechomwa sindano ya mwezi husubiri zaidi, kwa sababu dawa hutoka mwilini polepole. Wachache, hasa wazee, hubaki wamekakamaa. Baadhi yao ugonjwa wa Pakinsoni ulikuwa umeshaanza kimyakimya, na dawa ikaufichua.

Ukiona dalili hizi nyumbani, usifiche dawa. Andika siku ilipoanza na siku mwili ulipoanza kukaza, kisha upeleke karatasi hiyo pamoja na pakiti za dawa kliniki. Lakini mgonjwa akikakamaa sana huku ana homa kali, jasho jingi na amechanganyikiwa, usimpe dozi inayofuata wala usingoje kukuche. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, maana hali hiyo huua.