Picha Zinazogoma Kufuata Kidole

Mteja mwenye simu ya ramu ya gigabaiti 1 anafungua ukurasa wa duka la vitenge. Juu kuna picha 6 za kutelezesha kwa kidole. Anavuta ya kwanza kuelekea kushoto: inaganda, kisha inaruka ghafla hadi katikati ya nyingine. Kwenye simu ya bei kubwa aliyojaribia mtengenezaji wa ukurasa, picha hizohizo ziliteleza vizuri kabisa. Tatizo halikuonekana mahali lilipotengenezwa.

Chanzo ni namna picha zinavyosogezwa. Kioo cha simu nyingi huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, hivyo kila mchoro una takriban milisekunde 16 tu. Katika ukurasa ule, skripti ya JavaScript inasikiliza kila hatua ya kidole, inapiga hesabu, kisha inabadilisha nafasi ya picha. Kama inafanya hivyo kupitia `left` au `margin-left`, kivinjari hulazimika pia kupanga upya sehemu ya ukurasa kabla ya kuchora. Kazi hiyo hupita kwenye foleni moja pamoja na skripti za matangazo na za kuhesabu wageni. Prosesa ya bei ndogo inapochukua milisekunde 50 kuimaliza, michoro mitatu hivi imeshapotea, na jicho huona mruko.

Ajabu ni kwamba, kwenye simu hiyohiyo, ukurasa wenyewe hupanda na kushuka bila shida. Kivinjari hushughulikia usogezaji wa kawaida pembeni, nje ya foleni ile, kwa kusogeza kile ambacho kimeshachorwa. Skripti ikielemewa, usogezaji unaendelea. Basi dawa ni kuyaacha maonyesho ya picha yawe usogezaji wa kawaida, ila wa kwenda upande, kisha kumwachia kivinjari kazi ya kusimamisha kila picha mahali pake. CSS ina maagizo ya kufanya hivyo:

```css
.picha {
  display: flex;
  overflow-x: auto;
  scroll-snap-type: x mandatory;
}
.picha li {
  flex: 0 0 100%;
  scroll-snap-align: start;
}
```

Agizo la `overflow-x` linaruhusu orodha kusogezwa kwa upande. `scroll-snap-type` linataka usogezaji ukiisha usimame kwenye kituo, na `scroll-snap-align` linasema kituo hicho ni mwanzo wa kila picha. Mtu akivuta kwa nguvu anaweza kuruka picha kadhaa. Asiyetaka hilo huongeza `scroll-snap-stop: always` kwenye kila picha.

Hapa wengi hukosea: wanaongeza CSS hii na kuiacha skripti ya zamani ikiendelea kusikiliza `touchmove`. Kwa kuwa skripti hiyo ina uwezo wa kuzuia usogezaji, kivinjari kinalazimika kuisubiri kwanza, na mgando unabaki palepale. Lazima ing'olewe. Vidoti vya kuonyesha picha ya ngapi inatazamwa bado vinahitaji skripti, lakini fupi, inayotumia `IntersectionObserver`: hii hupewa taarifa picha inapoingia au kutoka machoni, bila kufuatilia kila hatua ya kidole.

Kuna ugonjwa wa pili unaofanana na huu. Picha ikifuata kidole vizuri lakini ikaja nyeupe kwanza, ndipo rangi zikatokea, skripti haina hatia. Picha yenyewe ni kubwa mno. Picha ya kamera yenye pikseli 4000 kwa 3000 inaweza kuwa faili la megabaiti 3, lakini ikifunguliwa kila pikseli huchukua baiti 4, jumla megabaiti 48. Sita za namna hiyo zinakaribia megabaiti 290, mzigo mzito mno kwa simu ya gigabaiti 1. Ikipunguzwa hadi pikseli 720 kwa 540, picha moja huchukua megabaiti 1.6 hivi tu. Duka linaweza kuweka saizi mbili au tatu na kuziorodhesha kwenye `srcset` ili kivinjari kichague inayotosha kioo, na kuzipa picha zinazofuata ile ya kwanza `loading="lazy"`.

Mzunguko usio na mwisho, ambapo picha ya 6 inarudi kwenye ya 1 kana kwamba zimeungana, haupatikani kwa maagizo haya peke yake. Kwa duka la vitenge hasara hiyo ni ndogo, na kwa kweli mteja hunufaika kujua kwamba ameshaziona zote. Vivinjari vya zamani navyo havileti hofu: Chrome ilianza kuyaelewa maagizo haya mwaka 2018, na toleo la nyuma ya hapo litayapuuza tu. Mwenye simu hiyo bado atazisogeza picha zote kwa kidole, isipokuwa huenda moja ikasimama nusu.